MCV haishuki kutoka 91 hadi 64 kwa siku mbili

Kati ya namba zote zinazotoka kwenye mashine ya FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ile ninayoiamini kuliko zote ni MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu moja moja. Wingi wa damu unaweza kushuka usiku mmoja mgonjwa akitokwa na damu, chembe nyeupe zinaweza kupanda mara mbili kati ya asubuhi na jioni, chembe sahani zinaporomoka kwa malaria na kurudi baada ya matibabu. MCV haina haraka hiyo. Chembe nyekundu inaishi siku 120 hivi, maana yake kila siku mwili unabadilisha takriban chembe moja katika kila mia, kwahiyo mtu aliyelala na MCV ya 91 jumatatu ataamka na kama hiyohiyo jumatano, awe anaumwa au hajaumwa.

Naanza na hili kwa sababu kisa chote ninachotaka kusimulia kinasimama juu yake.

Kwenye maabara yetu mfumo wa kompyuta unafanya kitu tunachokiita delta cheki. Jibu jipya likitoka kwenye mashine, mfumo unatafuta jibu la zamani la mgonjwa yuleyule kwa namba yake ya hospitali, unatoa tofauti, na tofauti ikizidi kiwango tulichoweka unalishikilia jibu na kuandika DELTA pembeni. Halitoki kwenda wodini mpaka mtu alitazame. Wazo lenyewe ni la katikati ya miaka ya 1970, kompyuta zilipoanza kuingia kwenye maabara kubwa za nje, na mimi naona ni moja ya mawazo mazuri sana kwenye kazi yetu, maana kontroli tunazopitisha kila asubuhi, yaani sampuli ambazo majibu yake yanajulikana tayari, zinakuambia kama mashine iko sawa lakini hazikuambii hata kidogo kama damu iliyomo kwenye kichupa ni ya mtu ambaye jina lake limebandikwa. Delta cheki inamtumia mgonjwa mwenyewe kama kontroli. Kwa MCV sisi tumeweka tofauti ya femtolita 5 ndani ya siku saba.

Sasa asubuhi hiyo sampuli za wodi ya kina mama zilifika saa moja na nusu, trei nzima, vichupa vya kifuniko cha zambarau vya FBP na vyekundu vya figo na chumvi za damu. Nikapitisha kontroli, zikakaa vizuri, nikaanza kuingiza vichupa. Majibu yakawa yanatoka moja moja, mengi ya kawaida, mengine ya kusikitisha ila yanaeleweka, halafu likaja hili, ambapo WBC ni chembe nyeupe, Hb ni wingi wa damu, PLT ni chembe sahani, L ni chini ya kawaida na H ni juu:

```
WBC   6.1
Hb    5.4   L   DELTA
MCV  64.1   L   DELTA
PLT   548   H   DELTA
```

Mgonjwa ni mama wa miaka hamsini na kitu, amelazwa kwa moyo na figo kidogo. Nikafungua majibu yake ya jumatatu: Hb 11.8, MCV 91.4, PLT 236. Siku mbili tu.

Sasa hapa ndipo pa kuwa makini, maana kushuka kwa Hb peke yake kutoka 11.8 hadi 5.4 kunaaminika kabisa. Huyu mama yuko kwenye aspirini, tumbo linaweza kuvuja damu kimyakimya, na daktari yeyote akipata jibu hilo atasema anatokwa na damu ndani, na hatakuwa amekosea kufikiri hivyo. Ningekuwa naangalia Hb tu ningepiga simu ya jibu la hatari, ningesoma namba, sista angezirudia, ningeandika muda na jina la aliyepokea, ingeishia hapo. Na mama angeanza kuandaliwa kuongezewa damu.

Ila hebu fikiria kutokwa na damu kunafanya nini kwenye MCV. Ukichota nusu ya maharage kwenye debe, yaliyobaki hayawi madogo. Chembe zinapotea, zinazobaki zina ukubwa uleule, na baada ya siku kadhaa uboho ukianza kusukuma chembe changa wastani unapanda kidogo kwa sababu chembe changa ni kubwa kuliko zile zilizokomaa. Haushuki. Nikapiga hesabu pembeni ya fomu, nikampa huyu mama hali mbaya kuliko zote, nikasema tuchukulie kwamba kuanzia jumatatu kila chembe mpya iliyotengenezwa imekuja na ukubwa wa 64. Siku mbili ni chembe 2 katika 100. Zile 98 bado ni 91.4. Wastani unakuwa 90.9. Yaani hata mwili wake ungeamua kuharibika kabisa jumatatu asubuhi, jumatano ningeona 90.9 na mfumo usingestuka hata kidogo. Kufika 64 kwa njia ya kawaida ni miezi ya kukosa madini ya chuma, sio siku.

Basi ikabaki kujua: mashine imekosea, sampuli imeharibika, au hii damu sio yake.

Mashine ni rahisi. Nikakichukua kichupa, nikasoma lebo nikiwa nimekishika mkononi, jina na namba, nikalinganisha na fomu, vinafanana. Nikaangalia ujazo, umefika kwenye mstari. Nikachovya kijiti cha mbao nikazungusha polepole kutafuta bonge lililoganda, hakuna, na kwa kweli sikutegemea, kwa sababu damu ikiganda kwenye kichupa chembe sahani zinanaswa humohumo na hesabu yake inashuka, hapa imepanda hadi 548. Nikaigeuzageuza mara nane hivi, nikairudisha kwenye mashine. Hb 5.3, MCV 64.2, PLT 541. Mgonjwa aliyepita kabla yake na aliyefuata baada yake, wote majibu yao yanaendana na ya zamani. Mashine haina shida, kinachosomwa ndicho kilichomo.

Dripu je? Hili ndilo linalotusumbua kila wiki, mtu anachukua damu mkono uleule wenye dripu, damu inachanganyika na maji. Ila maji yakiingia yanapunguza vyote kwa pamoja, chembe nyekundu, nyeupe na sahani, hayawezi kushusha Hb nusu huku yakipandisha chembe sahani zaidi ya mara mbili. Na ikiwa ni dripu ya glukosi chembe nyekundu zinavimba ndani ya mashine, MCV inapanda. Sampuli iliyokaa sana mezani nayo MCV yake inapanda. Nataka mshike hili kwa sababu linasaidia sana: karibu kila uharibifu wa kawaida wa sampuli unaisukuma MCV juu au unaiacha palepale. Ikishuka ghafla hivi, washukiwa wanabaki wachache mno.

Nikatengeneza slaidi. Wakati inakauka nikatoa kwenye boksi slaidi yake ya jumatatu, maana huwa tunazitunza wiki moja, na baada ya kupaka rangi nikaziweka moja baada ya nyingine kwenye hadubini. Ya jumatatu: chembe za duara, zinalingana, zimejaa rangi vizuri na kiini kidogo cheupe katikati, theluthi moja hivi ya upana wake kama inavyotakiwa. Ya leo: chembe ndogo za kila umbo, nyingi zimebaki pete nyembamba tu ya rangi na katikati peupe, na kati yao zile ndefu nyembamba tunazoziita chembe penseli, na chembe sahani zimetapakaa kila mahali. Hiyo ni picha ya upungufu wa chuma wa muda mrefu, wa mtu ambaye amekuwa akipoteza damu kidogo kidogo kwa miezi mingi. Hata zile chembe sahani nyingi zinaingia kwenye picha hiyohiyo, ni kawaida kupanda chuma kikiisha. Nilihamisha jicho kati ya slaidi mbili nikawa sina tena swali. Ni damu za watu wawili.

Nikapiga simu wodini.

"Sista, habari za asubuhi, hapa maabara. Yule mama wa moyo, usiku ametapika damu? Amepata choo cheusi?"

"Hapana kaka, yupo hapa amekaa anakunywa uji. Kwani vipi?"

"Ameongezewa damu tangu jumatatu?"

"Hajaongezewa. Presha yake leo nzuri tu."

Swali la kuongezewa damu lazima uulize hata kama unajua jibu halitakusaidia. Mchangiaji anapimwa wingi wa damu kabla ya kutoa, kwahiyo damu ya benki kwa kawaida ina chembe za ukubwa wa kawaida, na ukimwekea mtu mwenye MCV 91 atabaki hukohuko. Kinyume chake ndicho kinachotokea kila siku na ndicho kinachowasha delta nyingi za MCV: mtu wa 64 anaongezewa chupa mbili, kesho anasoma 74, mfumo unapiga kelele, na ni sahihi kabisa. Ndio maana simu kwanza, lawama baadaye.

Nikamwambia sista majibu ya huyu mama nimeyazuia, asipokee namba yoyote mpaka nimpigie tena, na nikaenda kwenye benchi la bayokemia kuulizia kichupa chake chekundu. Kilikuwa kwenye sentrifyuji, maana ile damu inaachwa kwanza igande kama nusu saa ndipo izungushwe. Nikasubiri. Kreatinini yake, ile taka ambayo figo zikichoka inabaki nyingi kwenye damu, jumatatu ilikuwa 168, figo zake hazijawahi kuwa nzuri kwenye rekodi zote tulizonazo. Ya leo ikatoka 58. Hii nayo DELTA. Figo zilizochoka hazirudi kuwa za msichana kwa siku mbili bila mashine ya kusafisha damu, na huyu mama hajawahi kusafishwa. Kwahiyo sio kichupa kimoja kilichopotea njia, ni vichupa vyote vilivyotolewa kwa mkono ule kwa wakati ule.

Na hapa ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio, kwa sababu wakati wote huo nilikuwa nafikiria damu hii ni ya nani wakati swali la haraka zaidi lilikuwa damu ya mama iko wapi. Lebo zikibadilishana zinabadilishana mbili. Kama kichupa cha mama kina damu ya mtu mwingine, kuna uwezekano mkubwa kichupa cha mtu mwingine kina damu ya mama, na huyo mtu mwingine mfumo haujasema chochote juu yake.

Nikafungua orodha ya wodi ile, sampuli zote zilizopokelewa kwenye trei moja. Natafuta nini? Natafuta Hb karibu na 11.8, MCV 91, kreatinini 170. Ilikuwa mstari wa nne. Binti wa miaka 27, amelazwa usiku uliopita, Hb 11.5, MCV 91.0, kreatinini 171. Hana rekodi yoyote ya nyuma kwenye mfumo, ni mara yake ya kwanza hospitalini kwetu. Na kwa kuwa hana jibu la zamani la kulinganisha, na FBP yake haikuwa na namba ya hatari, ilikuwa imepita yenyewe na kwenda wodini zaidi ya nusu saa iliyopita.

Nikasoma maelezo kwenye fomu yake: hedhi nzito miezi mingi, amechoka, viganja vyeupe sana. Na chini, kwa mwandiko wa haraka, grupu na krosimachi, yaani kulinganisha damu yake na ya mchangiaji kabla ya kumwongezea, chupa mbili.

Sikwenda kwenye simu ya wodi. Nilikwenda mbio benki ya damu, ambayo kwetu ni chumba cha pili tu, nikamkuta mwenzangu ameshapima grupu ya kichupa cha yule binti, ni B, ameshachagua chupa mbili za B kwenye friji, krosimachi iko kwenye kupashwa joto. Nikamwambia simamisha, kichupa hicho simwamini mwenyewe wake. Akasimamisha palepale bila kuniuliza mara mbili, namshukuru sana kwa hilo mpaka leo.

Tukaangalia rekodi: yule mama wa moyo alishawahi kupimwa grupu kwetu mwaka uliopita, ni B. Tukachukua kichupa cha zambarau chenye jina la mama, tukakipima grupu. O.

Naomba mtu asome hapa taratibu. Kichupa chenye jina la binti kina damu ya grupu B, ya mama. Binti mwenyewe, kama kila kitu kiko tunavyodhani, ni O. Ukifanya krosimachi ya chupa ya B dhidi ya kichupa kile itakubali, itakubali vizuri kabisa, kwa sababu kipimo kinapima kilichomo kwenye kichupa, hakimjui mtu. Mwenzangu angefanya kazi yake bila kosa hata moja, angeandika inaendana, chupa ingepanda wodini ikiwa na jina sahihi, namba sahihi, muda wa kuisha matumizi sahihi, sista angehakiki na mwenzake mbele ya kitanda kila kitu kinafanana, na damu ya B ingeingia kwa mtu wa O mwenye kinga kali dhidi ya B kwenye damu yake. Mililita chache za mwanzo zinatosha kuanzisha balaa: homa, maumivu ya kiuno, mkojo mwekundu, presha kuanguka, figo kufunga, na wengine hawarudi. Binti wa miaka 27 aliyekuja na hedhi nzito.

Kungekuwa na njia nyingine, ya daktari kuona Hb 11.5, akasema kumbe damu ipo, afute ombi. Basi binti angebaki na 5 yake bila msaada. Nilipopiga simu wodini mara ya pili ndivyo ilivyokuwa inaanza kwenda, sista akaniambia dokta ameona jibu kwenye kompyuta ameshangaa, amerudi kumwangalia macho yake, bado meupe kabisa, anajiuliza. Kwahiyo njia mbili zilikuwa wazi kwa wakati mmoja, moja ya kunyimwa damu na nyingine ya kupewa isiyo yake, ilitegemea tu nani angemaliza kwanza kazi yake.

Nilimwomba dokta aje kwenye simu nikamweleza kwa kifupi: majibu ya hawa wawili yote ya leo nayafuta, FBP, figo, grupu, vyote, naomba sampuli mpya kwa wote wawili, kila mmoja peke yake.

Sasa kuna jambo linazungumzwa kila mara likitokea hivi, na mdogo wangu mmoja wa zamu ile alilisema kwa nia njema kabisa: "Kaka si tunajua tayari? Huyu ni wa yule na yule ni wa huyu. Tubadilishe tu lebo, binti asichelewe." Na ni kweli kuchelewa kulikuwa kunaniuma, mtu mwenye damu 5 anapumua kwa shida. Ila hatukujua. Tulichojua kwa uhakika ni kwamba damu iliyoandikwa jina la mama sio ya mama. Kwamba damu iliyoandikwa jina la binti ni ya mama, tulikuwa na ushahidi mzuri: MCV inafanana, kreatinini inafanana, grupu inafanana. Kwamba ile damu ya O yenye 5.4 ni ya binti, hapo tulikuwa tunakisia tu kwa kuwa anaonekana mweupe na vichupa vilikuja pamoja. Ingeweza kuwa ni ya mtu wa tatu, wodi ile ina wanawake wengi wenye hedhi nzito. Grupu ya O nayo haisemi kitu, O ndiyo grupu yenye watu wengi kuliko zote huku kwetu, ukiokota kichupa chochote mezani una nafasi kubwa kikawa O. Na mtu akiongezewa damu kwa kukisia kwangu, lebo niliyoibandika mimi maabarani ambapo mgonjwa hayupo, basi tumerudia kosa lilelile lililotuleta hapo. Sampuli yenye mashaka ya mwenyewe haitengenezwi, inatupwa, inatolewa nyingine. Kutoa damu upya ni dakika kumi. Kwa dharura kabisa ya kufa na kupona kuna damu ya O inayotolewa bila kusubiri grupu, na nilimwambia dokta hilo pia, akasema anaweza kusubiri, amemwekea oksijeni.

Nilipanda wodini mwenyewe na trei. Sio kawaida yetu, ila nilitaka kuona.

Kumbe ilikuwa hivi. Mama wa moyo yuko kwenye furosemaidi, anakwenda haja ndogo usiku kucha, alfajiri akaomba ahamishiwe kitanda cha karibu na choo. Ombi la haki kabisa. Binti aliyekuwa pale akahamia cha kwake. Mafaili yakabaki yalipokuwa, karatasi ya orodha ya vitanda haikubadilishwa. Na lebo za vichupa zilikuwa zimeshaandikwa usiku pale meza ya manesi, vichupa vimepangwa kwenye trei kwa namba ya kitanda, ili saa kumi na mbili asubuhi intani akija achukue haraka amalize wodi kabla ya raundi. Akaja, kitanda hiki, kichupa hiki, "Mama fulani eeh?", "Ndiyo." Binti wa usingizi na uchovu wa damu 5 amejibu ndiyo kwa jina la mtu mwingine.

Hilo swali ndilo ninaloligombea kila ninapopata nafasi. Mgonjwa akiulizwa na mtu mwenye koti jeupe "wewe ndio fulani?" atasema ndiyo. Atasema ndiyo kwa heshima, kwa kutosikia vizuri, kwa kutaka yaishe. Muulize "unaitwa nani, majina yako yote?" hapo lazima alitoe mwenyewe, halafu utazame namba ya hospitali kwenye faili au kwenye mkanda wa mkononi kama upo. Na kichupa kiandikwe baada ya damu kuingia, palepale kitandani, kabla hujapiga hatua kwenda kwa mwingine. Kichupa kisicho na lebo mfukoni na kichupa chenye lebo kabla ya damu, vyote ni hatari ileile, ila cha pili kinaonekana nadhifu ndio maana hakishtui mtu.

Nikamuuliza mama, akanipa majina yake matatu na jina la ukoo juu yake. Nikamuuliza binti, akasema kwa sauti ndogo. Tukatoa, tukaandika tukiwa tumesimama pale. Majibu: mama Hb 11.6, MCV 91.2, kreatinini 172, grupu B. Binti Hb 5.3, MCV 64.0, kreatinini 57, grupu O. Saa tano kasoro chupa ya kwanza ya O ilikuwa inaingia, na mwenzangu wa benki alipanda naye kuangalia dakika kumi na tano za mwanzo.

Nimeona watu wakisimulia visa vya namna hii wanamalizia kwa kusema mfumo uliokoa maisha. Uliokoa, ila naomba tuwe wakweli kuhusu ulichofanya. Aliyekuwa hatarini zaidi ni binti, na kwake mfumo ulikuwa kipofu kabisa kwa kuwa hakuwa na historia. Tulimfikia kwa kupitia jibu la mama. Kama mama naye angekuwa mgonjwa mpya, au jibu lake la mwisho lingekuwa la mwaka jana nje ya siku saba tulizoweka, hakuna alama ingewaka popote. Kama wale wawili wangekuwa na MCV za kukaribiana, 88 na 91, lebo zao zingebadilishana na delta ingekaa kimya, na kusema kweli watu wazima wengi wana MCV za kukaribiana. Waliobadilishiwa lebo tukawaona ni wale ambao damu zao zilitofautiana sana.

Dawa sio kukaza viwango. Tulishawahi kujaribu kushusha kiwango cha MCV hadi 3, ikawa kila mgonjwa wa kuongezewa damu anawaka, kila sampuli iliyochelewa njiani kutoka vituo vya pembeni inawaka, na watu wakaanza kubonyeza kukubali bila kusoma. Alama inayowaka mara nyingi mno inazoeleka, na iliyozoeleka haina kazi. Tukarudisha 5.

Tulichobadilisha ni upande wa benki ya damu. Mgonjwa ambaye hana grupu kwenye rekodi zetu, na hali yake inaruhusu kusubiri, hapati damu ya grupu yake mpaka tuwe na sampuli mbili zilizotolewa nyakati mbili tofauti na grupu zikafanana. Hali ikimkaba kabla ya hapo anapewa O. Ilianza vizuri halafu tukaanza kuona vichupa vya pili vinafika haraka mno, dakika tano baada ya cha kwanza, na tulipofuatilia tukakuta wengine wanachoma mara moja wanajaza vichupa viwili, kimoja kinaletwa, kingine kinakaa mfukoni kinaandikwa muda wa mbele. Nawaelewa, mshipa wa mtu mwenye damu 5 hautafutwi mara mbili kwa furaha. Ila vichupa viwili vya mchomo mmoja vina kosa moja ndani yao, vitafanana grupu na vyote vitakuwa vya mtu asiye sahihi. Kwahiyo sasa kichupa cha pili hakipatikani wodini. Kina kifuniko cha rangi nyingine, kinatunzwa kwenye droo ya benki ya damu, na sista anakuja kukichukua kwetu baada ya cha kwanza kupokelewa, anasaini, anarudi nacho kwa mgonjwa.